Riba ya kredit kadi kwa wastani wa deni la kila siku: namna ya kuihesabu mwenyewe pale umenunua na kulipa tarehe tafauti

Mdogo wangu ana duka la nguo Mlandege, Unguja, mzigo anaufata Kariakoo, na mwaka jana akaanza kutumia kredit kadi kununulia. Siku moja kaja kwangu na stetimenti mkononi anasema kaka hawa watu wameniibia. Hoja yake ilikuwa hivi: mwezi ulianza nadaiwa 1,200,000 na umemalizika nadaiwa hiyo hiyo 1,200,000, riba ya kadi yangu ni asilimia 36.5 kwa mwaka, yaani 0.1 kwa siku, siku 30, basi riba inafaa iwe 36,000. Mbona wao wameandika 39,600?

Tukakaa tukahesabu. Mie nikapata 38,400. Sasa tuna namba tatu, ya kwake, ya kwangu na ya benki, na kila moja ina sababu yake. Ntakuonesha mpaka mwisho namna tulivyoifikia ile 39,600 shilingi kwa shilingi, maana ukiijua njia hii stetimenti yoyote utaikagua mwenyewe (namba nimezisawazisha kidogo zisiwe na vichenchi, ila mambo yalikuwa ndo hayo).

Kwanza uelewe benki inatizama nini. Haitizami deni la mwanzo wa mwezi wala la mwisho, inatizama kila siku ilivyofungwa ulikuwa unadaiwa kiasi gani. Fikiria unakodi sahani za shughuli. Umechukua sahani 100, zimelala kwako siku mbili, ukarudisha 60, zile 40 zikalala siku tatu nyengine. Mwenye sahani hakuulizi ulianza na ngapi ukamaliza na ngapi, anakuuliza sahani ngapi zimelala kwako siku ngapi. Deni la kadi ni hivyo hivyo, kila shilingi elfu ya benki ikilala kwako siku moja inakudai kodi yake. Kwa kadi ya mdogo wangu kodi hiyo ni shilingi moja kwa kila elfu kwa siku, kwa sababu 36.5 ukigawa kwa siku 365 unapata 0.1 katika mia. Kadi yako ikiwa na asilimia nyengine, igawe kwa 365 vivyo hivyo, na kama mkataba unasema riba kwa mwezi, mfano 3 kwa mwezi, zidisha kwa 12 kwanza halafu ndo ugawe. Zipo benki zinagawa kwa 360 badala ya 365, hilo lisome kwenye mkataba maana linaongeza riba kidogo bila ya wewe kuona.

Sasa kabla hujashika kalamu, hakikisha kwanza kama riba inakuhusu. Kredit kadi nyingi zina siku za bila riba kwa manunuzi: ukilipa deni LOTE la stetimenti iliyopita, si nusu, si kile kiwango cha chini wanachokuandikia, na ukalipa kabla ya tarehe ya mwisho, basi vitu ulivyonunua havikuli riba hata kidogo. Sie huku wengi hatutaki kuigusa riba kabisa, na nnajua watu wanaotumia kadi kwa sharti hilo tu, kila mwezi analipa yote anamaliza. Hukumu yake ya dini kamuulize shekhe wako, mie hapa naeleza hesabu. Ila jambo moja kwenye hesabu liko wazi: ukibakisha hata 50,000 ya stetimenti iliyopita, kwenye kadi nyingi zile siku za bure zinapotea, na kitu kipya utakachonunua kesho kinaanza kula riba tokea siku kinapoingia. Hapo ndo alipokuwepo mdogo wangu, alibakisha 1,200,000.

Na kesh unayoitoa ATM kwa kredit kadi ni habari nyengine, ile kwa kawaida haina siku za bure hata moja na mara nyingi ina asilimia yake peke yake, kwa hiyo iandikie jaduweli yake mbali, usiichanganye na manunuzi.

Haya, hatua ya kwanza ni kutoa vitu vinne kwenye stetimenti. Tarehe ya mzunguko, yaani kipindi cha stetimenti, kuanza na kufungwa, deni la kuanzia, asilimia ya riba, na kila muamala na tarehe yake. Kwenye tarehe ndo pana mtego, kwa sababu kila muamala una tarehe mbili: siku uliyoswaipu kadi dukani na siku muamala ulipoingia kwenye akaunti. Baina yake inaweza kupita siku moja mbili, na ikiwa umenunua onlaini kwa dola inaweza ikazidi, na shilingi zenyewe zikabadilika kwa sababu mara nyingi wanatumia bei ya dola ya siku ya kuingia. Andika zote mbili, utaona mbele kwa nini.

Za mdogo wangu zilikuwa hivi. Mzunguko umeanza 6 Juni umefungwa 5 Julai, siku 30. Deni la kuanzia 1,200,000. Kaenda Kariakoo kaswaipu 600,000 tarehe 10 Juni, ikaingia tarehe 12. Kalipa 900,000 tarehe 20 Juni. Halafu tarehe 28 Juni kanunua mzigo mdogo wa 300,000 na ukaingia siku ile ile.

Hatua ya pili, ukate mwezi vipande. Kila deni linapobadilika unaanza kipande kipya, na ndani ya kipande deni ni moja kila siku. Sheria ya kuhesabu ni kwamba siku ambayo muamala umeingia inahesabiwa kwa deni JIPYA, kwa sababu tunachotizama ni deni lililolala usiku ule. Kwa hiyo:

Tarehe 6 mpaka 11 Juni, siku 6, deni 1,200,000
Tarehe 12 mpaka 19 Juni, siku 8, deni 1,800,000
Tarehe 20 mpaka 27 Juni, siku 8, deni 900,000
Tarehe 28 Juni mpaka 5 Julai, siku 8, deni 1,200,000

Jumlisha siku kabla hujaendelea: 6 na 8 na 8 na 8 ni 30. Ikikujia 29 au 31 simama hapo hapo, kuna siku umeihesabu mara mbili au umeiruka. Wengi wanakosea kwa kutoa tu, 11 toa 6 wanaandika siku 5, wakati tarehe 6 yenyewe nayo imo. Hesabu kwa vidole mara ya kwanza, hakuna aibu.

Hatua ya tatu, kila kipande zidisha deni kwa siku. Cha kwanza 7,200,000, cha pili 14,400,000, cha tatu 7,200,000, cha nne 9,600,000. Jumla 38,400,000. Namba hii isikutishe, si pesa unayodaiwa, mie naiita shilingi-siku, ni kama kusema idadi ya sahani zilizolala. Ukiigawa kwa siku 30 unapata 1,280,000, na huo ndo wastani wa deni la kila siku. Riba ni wastani huo mara 0.1 katika mia mara siku 30, inakuja 38,400.

Kwenye hesabu hiyo unagawa kwa 30 halafu unazidisha kwa 30 tena, kwa hiyo ukitaka njia ya mkato chukua shilingi-siku zote zidisha kwa riba ya siku moja, basi. Benki inaandika wastani kwa sababu ndo namba inayooneka kwenye stetimenti, na wewe unauhitaji ili ulinganishe na wao. Ukitumia Eksel, siku ziweke safu ya B na madeni safu ya C, mstari wa 2 mpaka wa 5, fomula ya kwanza inakupa wastani, ya pili riba:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(B2:B5)
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)*36.5%/365
```

Sasa ile hoja ya mdogo wangu imeshajibika. Kaanza na 1,200,000 kamaliza na 1,200,000 lakini katikati siku 8 nzima alikuwa anadaiwa 1,800,000, zile laki sita za ziada zimelala kwake, na siku 8 nyengine alizodaiwa 900,000 hazikutosha kufidia. Ndo wastani ukapanda ukawa 1,280,000 badala ya 1,200,000.

Lakini bado benki inasema 39,600, mie nna 38,400. Tafauti 1,200. Hapa watu wengi wanakata tamaa wanasema benki bwana wana hesabu zao. Hapana. Rudi kinyumenyume. Chukua tafauti ya riba igawe kwa riba ya siku, ile 0.1 katika mia yaani 0.001: 1,200 gawa kwa 0.001 inakuwa 1,200,000. Hizo ni shilingi-siku ambazo wao wanazo na wewe huna. Sasa jiulize, kwenye miamala yako ipi ikizidishwa kwa siku kamili inatoa 1,200,000? Laki tatu ingetaka siku 4. Laki tisa haigawiki sawa. Laki sita inataka siku 2, na siku 2 ndo zile zile baina ya tarehe 10 aliyoswaipu na tarehe 12 ulipoingia muamala. Kwa hiyo benki imehesabu ule mzigo tokea siku ya kuswaipu. Tukafungua mkataba, kweli, umeandikwa riba inaanza tarehe ya muamala. Hakuibiwa, ila alikuwa hajui kwamba kadi yake ni ya namna hiyo, na hizo zipo za namna zote mbili.

Kwa njia hii hii utajua na makosa mengine. Tafauti ingekuwa 900, basi ningesema moja kwa moja lile lipo la 900,000 limehesabiwa limechelewa siku moja, pengine alilipa baada ya saa ya benki kufunga hesabu zake za siku. Tafauti ingekuwa haigawiki kwa muamala wowote, hapo ningetafuta ada iliyoingizwa kati, ada ya kuchelewa kulipa kwa mfano, maana kwenye kadi nyingi ada nayo inaingia kwenye deni na inalala kama shilingi nyengine. Na tafauti ikiwa ndogo na ina vichenchi, hiyo mara nyingi ni riba juu ya riba: zipo kadi zinaongeza riba ya leo kwenye deni la kesho kila siku badala ya kusubiri mwisho wa mzunguko. Kwa mfano wetu huu ingeongeza kama shilingi 590 hivi, si nyingi, lakini ndo inayokufanya usipate namba sawa na wao.

Liko na jambo kubwa zaidi la kulitafuta kwenye mkataba, kama manunuzi mapya yanaingizwa kwenye wastani au hayaingizwi. Sie tumeyaingiza, na ndo ilivyo kwenye kadi nyingi. Ikiwa kadi yako haiyaingizi basi jaduweli inakuwa na vipande viwili tu, 1,200,000 kwa siku 14, halafu baada ya kulipa, deni 300,000 kwa siku 16, jumla shilingi-siku 21,600,000, riba 21,600. Kadi ile ile, asilimia ile ile, tafauti 16,800 kwa mwezi mmoja kwa sababu ya sentensi moja ndani ya mkataba. Marekani kulikuwa mpaka na mtindo wa kuchanganya siku za mizunguko miwili, mtu kashalipa deni la mwezi uliopita bado anahesabiwa, sheria yao ya mwaka 2009 ikaupiga marufuku. Kwa hiyo unapochagua kadi usiulize asilimia tu, uliza na deni linalotozwa linapatikana vipi.

Sasa tarehe za kulipa, hapa ndo pana pesa yako. Mdogo wangu alikuwa na laki tisa za mauzo ya Idd tokea mwanzo wa mwezi, zimekaa kwenye droo anasubiri tarehe ya mwisho ikaribie, kwa sababu anaamini kulipa mapema na kulipa tarehe ya mwisho ni sawa madhali hujachelewa. Kwa mtu asiye na deni la nyuma ni sawa kweli. Kwa mtu anayekula riba si sawa hata kidogo. Hebu hamisha lile lipo tu, kutoka tarehe 20 Juni uliweke tarehe 8 Juni, mengine yote yabaki. Siku 2 kwa 1,200,000, siku 4 kwa 300,000, siku 16 kwa 900,000, siku 8 kwa 1,200,000. Jumla 27,600,000, riba 27,600. Kaokoa 10,800 bila ya kulipa shilingi ya ziada. Na angengoja mpaka 3 Julai, riba ingekuwa 50,100.

Kujua kiasi hicho huhitaji kuandika jaduweli upya. Pesa unayolipa mara siku ulizoiwahisha mara riba ya siku, 900,000 mara siku 12 mara 0.001, ni 10,800 ile ile. Fomula hiyo iweke kichwani, kwa sababu inakujibu na maswali mengine. Nnazo laki nne na nusu leo na nyengine ntazipata wiki ya pili, nizisubiri nilipe pamoja? Usizisubiri, lipa ulizonazo leo, zikiwahi siku 12 zimeshakuokolea 5,400, na hakuna sheria inayosema ulipe mara moja tu kwa mwezi. Nakusudia kununua mzigo wa laki tatu, nichelewe wiki? Kila siku unayochelewa ni shilingi 300, sasa pima mwenyewe kama mzigo kukosekana dukani wiki nzima hakukutii hasara kubwa kuliko 2,100. Mara nyingi kunatia, kwa hiyo mie kwa mfanya biashara namwambia awahi kulipa kuliko kuahirisha kununua.

Ila ukisema umewahi, hakikisha pesa imewahi KUINGIA. Ukilipa kutoka benki nyengine, au kwa simu, au Ijumaa jioni, au siku ya kuamkia Idd, pesa inaweza kutoka kwako leo na kuingia kwenye kadi siku za kazi zikirudi, na siku zote hizo deni linalala vile vile. Fungua aplikesheni ya benki kesho yake utizame kama deni limeshuka.

La mwisho ni hili, ndo lililomrudisha mdogo wangu kwangu mara ya pili. Stetimenti ile ya 5 Julai ilikuwa 1,200,000 ukijumlisha na riba 39,600, jumla 1,239,600. Tarehe 25 Julai kalipa yote, akasema nimeshamalizana nao. Mwezi wa nane inakuja stetimenti ina riba 23,552, na hajanunua kitu. Kutoka 6 Julai mpaka 24 Julai ni siku 19, na siku zote hizo 1,239,600 ilikuwa bado imelala kwake, kadi yake inaingiza na riba ya nyuma ndani ya deni, kwa hiyo 1,239,600 mara siku 19 mara 0.001 ni 23,552 na senti zake. Stetimenti ilisimama tarehe 5, deni halikusimama. Ukitaka kufunga kadi kweli kweli, siku unayokwenda kulipa piga simu benki uwaulize deni mpaka LEO na riba ya siku zilizopita tokea stetimenti ni kiasi gani, ulipe hiyo namba, halafu usubiri stetimenti inayofata uone imekuja sifuri. Mdogo wangu aliilipa ile 23,552 siku ile ile aliyoiona, kabla ya tarehe ya mwisho, na stetimenti ya mwezi wa tisa ikaja haina kitu.